Upana wa Mstari Kwanza, Nozeli Baadaye

Hii ni hotuba niliyowatolea wenzangu wa printa za 3D. Picha za ukutani nimeziacha, maneno nimeyaweka yote, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mabibi na mabwana, wenzangu wa plastiki ya moto, hamjambo?

Nimekuja na vyombo vitatu vya maua. Ukiwa huko nyuma utasema ni mapacha. Kila kimoja kina urefu wa milimita 150 na kitako cha kipenyo cha milimita 80. Mwili una mifereji 48 inayoshuka kutoka juu hadi chini, shingo imebanwa hadi milimita 30, kisha mdomo umefunguka kama tarumbeta. Vimetoka kwenye faili moja, printa moja, plastiki ya PLA ya rangi moja, na vyote nimevichapa kwa modi ya vasi. Lakini hiki cha kwanza naweza kukibonyeza kwa vidole viwili mpaka kikalia. Cha pili ni kigumu, ila pale shingoni mifereji imezibana yenyewe, hujui tena kama ilikuwepo. Cha tatu ndicho kilichobaki na maua mezani kwangu.

Nini kimetofautiana? Kila ninapouliza, jibu ni moja: nozeli. Nami leo nimekuja kubisha. Nozeli ni uamuzi wa mwisho. Kabla yake kuna upana wa mstari, kuna unene wa tabaka, kuna uwezo wa printa yako kuyeyusha plastiki. Ukishayapanga hayo, nozeli inajichagua yenyewe. Ukianza na nozeli, utafanya kama mimi: utachapa vyombo vitatu ili upate kimoja.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kwenye uchapaji wa kawaida mashine inamaliza tabaka, inajiinua, inahama, inaanza tabaka jingine. Pale inapoanzia panabaki kovu, na makovu hayo yakipangana juu hadi chini tunauita mshono. Kwenye modi ya vasi hakuna kuinuka wala kuhama. Kitako kinachapwa kwa matabaka ya kawaida, halafu mstari mmoja tu unaanza kupanda ukizunguka, kama ukili unavyoshonwa kuzunguka kikapu, mpaka ukingoni. Kwenye slaisa, programu inayokata umbo kuwa matabaka, majina ni haya: PrusaSlicer na OrcaSlicer wanaiita `Spiral vase`, Cura wanaiita `Spiralize Outer Contour`. Ukitaka kuhakikisha kwamba kweli imewaka, fungua faili iliyokatwa uangalie Z, yaani kimo cha nozeli:

```
G1 X164.992 Y125.788 Z6.201 E0.0821
G1 X164.969 Y126.576 Z6.202 E0.0821
```

Mnaona? Kila hatua isiyofika milimita moja, Z imepanda kiduchu. Katika uchapaji wa kawaida Z ingekaa palepale mpaka tabaka liishe. Hapa haikai kamwe, ndiyo maana mshono haupo.

Lakini mstari mmoja una sharti lake: kila tabaka liwe na mzunguko mmoja tu uliofungwa. Dada mmoja aliniletea kikombe chake cha kalamu akilalamika kwamba modi ya vasi imemgomea. Nikafungua umbo lake. Alikuwa amelichora likiwa wazi ndani, na ukuta wa milimita 2, kama kikombe halisi kilivyo. Kwa slaisa hiyo ni mizunguko miwili, wa nje na wa ndani, na mstari mmoja hauwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Akajaza umbo likawa gimba, kipande kizima bila uwazi, na kazi ikaenda. Chora gimba, slaisa ndiyo itakayolitoboa. Hilo tumelimaliza.

Sasa twende kwenye ukuta. Unene wa ukuta wa chombo hiki ni nini? Ni upana wa mstari mmoja. Hakuna ukuta wa pili nyuma yake, hakuna kijazo cha ndani, hakuna wa kumsaidia. Cha kwanza hiki kimechapwa kwa nozeli yenye tundu la milimita 0.4 na mstari wa 0.45, yaani kile slaisa ilichonipa bila kuulizwa. Cha pili nozeli ya 0.8, mstari wa 0.9. Unene umeongezeka mara mbili. Je, ugumu umeongezeka mara ngapi? Mara mbili? Hapana. Ukuta mwembamba unaposukumwa ukapinda, ugumu wake unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mbili mara mbili mara mbili: nane. Ndiyo maana kile kinalia nikikibonyeza, na hiki kinanitazama tu.

Cha tatu kina mstari wa 0.7. Gawa 0.7 kwa 0.45, kisha zidisha jibu kwa lenyewe mara tatu, unapata karibu mara nne ya ugumu wa kile cha kwanza. Na mara nne inatosha kwa chombo cha kukaa mezani. Huna haja ya mara nane.

Kumbukeni nimesema mstari, sijasema nozeli. Tundu la nozeli ni moja, lakini mstari unaotoka unaweza kuwa mpana kuliko tundu, kwa sababu plastiki inabanwa kati ya tabaka la chini na uso bapa unaozunguka tundu. Uso huo ndio mwiko unaolalia mstari na kuutandaza. Nozeli nyingi za 0.4 zina uso bapa wa karibu milimita moja. Chukua kalipa upime yako. Mstari ukibaki ndani ya uso huo, unatandazwa vizuri. Ukiuzidi, plastiki inapanda ubavuni mwa nozeli, na ukuta wako unatoka na mikwaruzo na vinundu. Mimi nozeli ya 0.4 naipeleka hadi 0.6 bila wasiwasi. Hadi 0.8 inafika, ila naisimamia.

Na hapa kuna kosa ambalo limewapata wengi. Kijana mmoja tuliyekuwa tunachapa naye alitaka mstari mpana, akaenda kwenye slaisa, akabadilisha `Nozzle diameter` kutoka 0.4 hadi 0.8, na kwenye mashine hakugusa kitu. Akaona ni ujanja. Chombo kilitoka, kikapendeza, akakipiga picha. Alipokishika kukihamisha, kikafunguka mizunguko kama kamba iliyochomolewa kwenye bunda. Kwa nini? Kwa sababu slaisa iliamini nozeli ni ya 0.8, ikampa tabaka la 0.4. Tundu la 0.4, tabaka la 0.4. Plastiki ilidondokea juu ya mwenzake bila kubanwa, ikaegemea tu. Tabaka lisizidi robo tatu ya tundu lililopo kwenye mashine, sio lile lililoandikwa. Ukitaka mstari mpana, acha `Nozzle diameter` iseme ukweli, ubadilishe upana wa mstari: kwenye PrusaSlicer ni `External perimeters` chini ya `Extrusion width`, kwenye Cura ni `Line Width`.

Mpo pamoja nami? Haya, sasa tuje kwenye mdomo, kwa sababu hapa ndipo pana utamu wa jambo lenyewe.

Chombo cha kwanza, mimi sikukichapa mara moja. Nilikichapa mara tatu. Mwili unapanda vizuri, shingo inapita vizuri, nafika mdomoni, pale unapoanza kufunguka, naona nyuzi. Ukuta umekuwa kama chujio. Ukikiinua kwenye mwanga unaona vipenyo vya mwanga vimepangana kwa mistari. Mara ya kwanza nikasema feni ni dhaifu. Nikaipandisha. Mara ya pili nikasema joto ni jingi. Nikashusha nyuzi kumi, hali ikazidi kuwa mbaya. Mara ya tatu nikakaa chini na kalamu, jambo ambalo ningelifanya mwanzo.

Sikilizeni hesabu, ni fupi. Mdomo wa chombo changu unalala nyuzi 55 kutoka wima. Kila mzunguko mpya unapanda unene wa tabaka moja, na unatoka nje kwa unene huo mara tanjenti ya 55, ambayo ni karibu 1.43. Tabaka langu lilikuwa 0.2. Kwa hiyo kila mzunguko ulitoka nje milimita 0.286. Mstari wangu ulikuwa na upana wa 0.45. Ondoa 0.286, kinabaki 0.164. Hicho ndicho kiasi ambacho mstari wa juu uliulalia wa chini: asilimia 36. Karibu thuluthi mbili ya mstari ilikuwa inachapwa hewani! Feni gani ingeniokoa hapo?

Mimi kanuni yangu ni nusu. Mstari wa juu uulalie wa chini kwa nusu ya upana wake au zaidi. Ukishuka chini ya nusu, unabahatisha.

Sasa tazama kinachotokea ukibadilisha namba. Chombo cha pili: mstari 0.9, tabaka 0.3. Kutoka nje ni 0.43, kinabaki 0.47, asilimia 52. Kimepita, lakini kwa kunusurika. Nilidhani nozeli ya 0.8 ingenipa mdomo wa chuma, kumbe niliyoyapata kwa upana wa mstari niliyarudisha kwa unene wa tabaka. Chombo cha tatu: mstari 0.7, tabaka 0.2. Kutoka nje ni 0.286, kinabaki 0.414, asilimia 59. Mstari mwembamba kuliko wa pili, na umelala vizuri kuliko wa pili. Mmeona kinachotawala? Sio upana peke yake. Ni upana ukilinganishwa na unene wa tabaka. Mstari mpana, tabaka jembamba.

Mtu ataniuliza: basi si ningebaki na mstari wa 0.45 nikapunguza tabaka? Ningeweza. Tabaka la 0.12 linatoka nje 0.17, mstari unalaliana asilimia 62, mdomo ungefungika safi. Ila milimita 150 kwa tabaka la 0.12 ni mizunguko 1,250 badala ya 750, na ukuta bado ni ule ule wa kubonyea. Kwa kivuli cha taa, ambapo hakuna anayekibonyeza na unataka mwanga upite, ningefanya hivyo hivyo. Kwa chombo cha maua, hapana.

Na kuna jambo jingine la mdomoni ambalo mimi lilinichukua muda kulitambua. Upana wa mstari unapimwa kwa kulala, sambamba na meza. Ukuta unapoinama, ukiupima kwa kuukata moja kwa moja kutoka upande hadi upande, unakuta umepungua. Kwa nyuzi 55, mstari wa 0.45 unakupa ukuta wa karibu 0.26 tu. Mahali panaposhikwa zaidi na mikono ndipo palipo pembamba kuliko pote. Ule wa 0.7 unabaki na 0.4. Mdomo ukipasuka, usilaumu filamenti kabla hujalitazama hili.

Tunaingia kwenye jambo la tatu, na hili lina aibu yangu ndani yake.

Nilipofunga nozeli ya 0.8 kwa mara ya kwanza, niliacha kasi yangu ya zamani, milimita 80 kwa sekunde. Ilikuwa imenifaa miezi mingi. Chombo kikaanza, kitako kizuri kabisa, kwa sababu tabaka la kwanza huwa tunalichapa taratibu. Ukuta ulipoanza nikasikia tak, tak, tak kwenye kisukuma filamenti. Ukuta ukatoka kama lesi ya dirisha. Nikasema filamenti imenyonya unyevu. Nikaikausha usiku kucha. Asubuhi, tak, tak, tak. Nikabadilisha filamenti, nikafungua mpya kabisa. Tak, tak, tak. Nikafungua nozeli nikaichokonoa, ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani.

Kosa lilikuwa wapi? Zidisheni pamoja nami. Upana mara unene mara kasi. Zamani: 0.45 mara 0.2 mara 80, milimita za ujazo 7.2 kila sekunde. Sasa: 0.9 mara 0.3 mara 80. Ishirini na moja nukta sita! Kichwa cha kawaida, kile chenye sehemu fupi ya kuyeyushia, kwa PLA kinaweza kumi, kumi na mbili hivi. Nilikuwa nakidai plastiki mara mbili ya inayoyeyuka. Filamenti inafika katikati bado ngumu, gia inateleza, ndiyo ile tak, na ukuta unapungukiwa.

Kuna njia ya kulijua hili hata kama huna masikio. Tazama mng'ao. Plastiki iliyopata muda wa kuyeyuka inang'aa. Iliyosukumwa haraka inatoka imefifia, ikikwaruza kidogo ukipitisha kucha. Chombo kikiwa kimefifia kwenye sehemu ndefu na kinang'aa kwenye kona ambako mashine hupunguza mwendo, huo ni mtiririko unaolia. Weka kikomo chako kwenye `Max volumetric speed`, slaisa itakupunguzia kasi yenyewe. Mimi nimeweka 10.

Nikashusha kasi hadi 30. Mtiririko ukawa 8.1, na chombo kikatoka. Sasa niwaambie kilichonichekesha. Tusahau mifereji kidogo, tufanye mwili wote una kipenyo cha 80, kila mzunguko ni milimita 251. Chombo cha pili, tabaka 0.3, ni mizunguko 500 kwa kasi ya 30: dakika 70. Chombo cha kwanza na cha tatu, tabaka 0.2, mizunguko 750 kwa kasi ya 40: dakika 78. Dakika nane! Nozeli nene niliyoifunga kwa ajili ya haraka iliniokolea dakika nane, na ikala gramu 42 za PLA ukutani, wakati cha tatu kilikula 33 na cha kwanza 21. Mwenye kichwa kinachoyeyusha mara mbili ya changu atapata hesabu nyingine, lakini wengi humu mna vichwa kama changu.

Shingo sasa, na hapa nitapita haraka. Kipenyo cha 30 ni mzunguko wa milimita 94. Kwa kasi ya 30 nozeli inarudi palepale baada ya sekunde tatu, plastiki ya chini bado ni laini, na kwa kuwa modi ya vasi haina kuhama, hakuna hata nusu sekunde ya kupumua. Shingo inalegea, inakunjamana, wakati mwingine inajizungusha kidogo. Mstari mnene unaumia zaidi kwa sababu unabeba joto zaidi. Dawa ni kuidai slaisa sekunde kumi kwa kila tabaka: Cura wanaita `Minimum Layer Time`. Lakini angalia kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa, ambayo mara nyingi imewekwa 15. Sekunde kumi kwa milimita 94 zinataka kasi ya 9.4, ile 15 inakuzuia, unapata sekunde sita na hujui kwa nini. Ishushe nayo. Utapata shingo imara, na utapata pia mkanda wa mng'ao pale kasi ilipobadilika. Ukiuchukia mkanda huo, kama mimi, chapa mwili wote taratibu tangu chini.

Na mifereji? Mifereji 48 kwenye shingo ya milimita 94 inapeana nafasi ya chini kidogo ya milimita mbili kila mmoja. Kila mfereji una kuta mbili. Mistari miwili ya 0.9 inachukua 1.8: imebaki nafasi gani ya mfereji? Ndiyo maana chombo cha pili kimeziba. Mistari ya 0.7 inachukua 1.4, mfereji unabaki ukionekana, ingawa ncha zake zimekuwa butu kidogo. Ya 0.45 inachora kila kitu. Kwa hiyo mwenye maandishi madogo au nakshi za karibukaribu, abaki na mstari mwembamba, avumilie ukuta kubonyea. Hapo hakuna ujanja. Nenda kwenye sehemu iliyobanwa kuliko zote kwenye umbo lako, ipime, ugawe kwa mbili, na mstari wako uwe mwembamba waziwazi kuliko jibu hilo.

Mnataka kuniuliza maji. Najua, kila mara mnaniuliza maji.

Niliweka chombo changu cha kwanza juu ya rafu, na maji na maua ndani. Hakikudondosha hata tone. Asubuhi kitabu kilichokuwa chini yake kimevimba kama mkate. Maji hayakudondoka, yalijipenyeza kidogokidogo ambapo ukuta unakutana na kitako. Na hapo pana sababu. Kitako kinachapwa kwa matabaka bapa, halafu mzunguko wa kwanza wa ukuta unaanza kupanda kutoka sifuri. Mahali hapo pa kuanzia mstari ni mwembamba sana, unakua ukizunguka, na ukikosa kushikana vizuri panabaki kinjia kidogo cha maji. Siku hizi naweka matabaka matano ya kitako badala ya matatu, naikata pembe ya chini ya umbo iwe na mteremko mdogo ili ukuta ulale juu ya kitako badala ya kusimama pembeni yake, napandisha joto nyuzi tano hadi kumi, nashusha feni kadiri mdomo unavyoruhusu. Mstari wa 0.7 kwa tabaka la 0.2 unasaidia, kwa sababu umelaliwa na kubanwa zaidi. Kisha nakijaza maji, nakiweka juu ya karatasi ya shashi siku nzima. Shashi ikibaki kavu vile vile ilivyowekwa, nakiamini. Ikichora duara la unyevu, natia chupa ndogo ya kioo ndani, maua yanakaa kwenye chupa, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Naangalia umbo: mdomo umelala nyuzi ngapi, na mahali palipobanwa kuna milimita ngapi. Mahali palipobanwa pananipa upana mkubwa kabisa wa mstari. Mdomo unanipa tabaka, ili mistari ilaliane nusu au zaidi. Nazidisha kwa kasi, nahakikisha sijafika kumi. Halafu ndipo nafungua droo ya nozeli. Kwa chombo hiki namba zilikuwa 0.7 na 0.2 kwa kasi ya 40, mtiririko 5.6, nikatoa nozeli ya 0.6. Ile ya 0.8 naitoa kwa vyombo vikubwa visivyo na nakshi, na pale ninapotaka mistari yenyewe ionekane kama pambo.

Kabla sijashuka, mzee mmoja pale mlangoni alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mimi nina ya 0.4 peke yake, na sina nia ya kununua nyingine. Nichape au niache?" Chapa, mzee. Weka mstari wa 0.6 na tabaka la 0.2, kasi 40, ni mtiririko wa 4.8, haikusumbui. Kwa mdomo wa nyuzi 55 mistari italaliana asilimia 52, na ukiupunguzia tabaka hadi 0.16 inapanda hadi 62. Ukuta utakuwa mgumu mara mbili na zaidi ya kile chombo changu cha kwanza. Pima tu uso wa nozeli kwa kalipa kabla.

Sasa navipitisha vyombo, anzeni safu ya mbele. Bonyezeni, vishikeni mdomoni, viinueni kwenye taa. Kile chepesi kina ufa chini kidogo ya shingo, upande wenye alama ya kalamu. Nimeuacha makusudi, utazameni kabla hamjaulizana kwa nini kinalia.